Printa na kompyuta moja kwa kebo ya netiweki, bila ruta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wenye steshenari, walimu wa taaluma na makarani huuliza hapa Kigoma mjini wakileta printa ya ofisi iliyotumika, yenye tundu la kebo ya netiweki, na nyumbani au dukani hawana ruta. Intaneti yao ni bando la simu. Majina ya kwenye skrini yameachwa kama yanavyosomeka kwenye Windows 10 na 11.

Kwani inawezekana kuchomeka kebo moja kwa moja, bila ruta katikati?

Inawezekana, na printa itachapa vizuri tu. Kebo ya netiweki haihitaji intaneti wala ruta ili ipitishe data kati ya vifaa viwili.

Kinachokosekana ruta isipokuwepo ni mgawaji wa anwani. Ruta ni kama mjumbe wa mtaa anayempa kila mgeni namba ya nyumba: kifaa kikichomekwa kinauliza, naye anajibu. Ukiunganisha kompyuta na printa peke yao, wote wawili wanauliza na hakuna wa kujibu. Ndiyo maana mtu anachomeka kebo, taa zinawaka, halafu Windows haioni printa yoyote. Kazi yako ni kuzigawa hizo anwani mwenyewe, mbili tu, moja kwa kompyuta na moja kwa printa.

Kwa nini nisitumie tu waya wa USB?

Kama printa iko mezani karibu na kompyuta na tundu lake la USB ni zima, tumia USB. Ni rahisi zaidi na sikushauri ujisumbue.

Kebo ya netiweki ina maana pale printa inapokaa mbali. Waya wa kawaida wa USB ukipita mita tano unaanza kuleta matatizo: printa inaonekana, inapotea, inachapa nusu ukurasa. Kebo ya netiweki inafika mita 100. Maduka mengi ya Mwanga yana kaunta mbele na chumba cha mashine nyuma, na hapo hesabu inabadilika. Sababu ya pili ni tundu la USB lililolegea au kufa, jambo la kawaida kwa printa iliyokwisha kuhamahama.

Nahitaji kebo maalumu, ile ya krosova?

Siku hizi, kwa kawaida hapana. Matundu ya netiweki ya kompyuta za miaka mingi sasa yanatambua yenyewe waya upi unatuma na upi unapokea, na inatosha upande mmoja tu uwe na uwezo huo. Kebo nyoofu ya dukani inafanya kazi.

Krosova inahitajika endapo pande zote mbili ni za zamani, yaani kompyuta kuukuu na printa kuukuu. Dalili yake iko wazi: vifaa vyote vimewashwa, kebo umeijaribu kwingine ni nzima, lakini taa ndogo za kwenye tundu haziwaki kabisa na Windows inaandika `Network cable unplugged`. Hapo mwambie fundi akubanie kebo yenye upande mmoja mpangilio wa T568A na upande wa pili T568B.

Taa zikiwaka, achana na habari za kebo. Tatizo lako liko kwenye anwani.

Kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254. Hiyo ni nini?

Ni anwani ya kujipa. Windows imeuliza, imesubiri, haikujibiwa, ikajichagulia namba yoyote katika kundi la 169.254. Printa nyingi nazo hufanya vivyo hivyo. Wote wawili wakijipa za kundi hilo wanaweza kuonana, na kuna watu wanachapa hivyo miezi bila kugusa kitu.

Mimi siuachi mpangilio huo dukani kwa mtu. Anwani ya kujipa haina ahadi ya kubaki ileile, na si kila printa hujipa. Nyingine hubaki na 0.0.0.0, nyingine hurudi kwenye anwani ya kiwandani. Umeme ukikatika na kurudi, printa inaweza kuamka na namba nyingine huku kompyuta ikiendelea kutuma kazi kwenye ile ya zamani. Kazi zinapanga foleni, mteja anasubiri, na hakuna kilichoharibika cha kuona kwa macho. Weka anwani za kudumu.

Niweke anwani gani?

Chagua kundi moja, uwape wote wawili namba tofauti ndani yake. Mimi hutumia hizi:

```
Kompyuta:  192.168.50.1
Printa:    192.168.50.2
Subnet mask kwa wote: 255.255.255.0
```

Sehemu tatu za mwanzo lazima zilingane, ya mwisho lazima itofautiane. Hiyo 50 ina sababu. Intaneti yako inatoka kwenye simu au kwenye kimodemu cha mfukoni, na vifaa hivyo navyo vina makundi yao, mara nyingi 192.168.43, 192.168.8, 192.168.0 au 192.168.1. Ukiipa kebo kundi lilelile la waifai, kompyuta inachanganyikiwa kazi ipite wapi. Andika `ipconfig` kwenye Command Prompt huku waifai ikiwa imewashwa, utazame iko kundi gani, kisha ulikwepe.

Kwenye kompyuta naweka wapi?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `ncpa.cpl`, bonyeza Enter. Utaona `Ethernet`, ambayo ndiyo kebo, na `Wi-Fi`. Bofya kulia kwenye `Ethernet`, chagua `Properties`, kisha bofya mara mbili `Internet Protocol Version 4 (TCP/IPv4)`. Chagua `Use the following IP address`, jaza anwani na `Subnet mask`.

Sehemu ya `Default gateway` iache tupu. Tupu kabisa, na sehemu za DNS pia. Watu wengi hawapendi kuacha kisanduku wazi, wanajaza anwani ya printa humo, halafu wanashangaa intaneti imekatika. Gateway ni mlango wa kutokea kwenda duniani. Ukiiambia kompyuta kwamba mlango uko kwa printa, inaweza kuanza kupeleka barua pepe zako kwa printa, na printa haina pa kuzipeleka.

Na kwenye printa?

Kama ina skrini, ingia kwenye menyu ya mipangilio, tafuta `Network`, kisha `TCP/IP` au `IPv4`, badilisha kutoka `Auto` au `DHCP` kuwa `Manual` au `Static`, uandike anwani na mask. Majina ya menyu yanatofautiana kidogo kwa kila kampuni.

Kama haina skrini, chapa kwanza ukurasa wa mipangilio yake. Kwenye printa nyingi ndogo za leza unabonyeza na kushikilia kitufe cha kuendelea kwa sekunde kadhaa mpaka taa ianze kumeta, kisha unaachia. Karatasi itakayotoka ina anwani ya sasa ya printa. Hiyo ndiyo unayoiandika kwenye brauza ili kufungua ukurasa wa ndani wa printa, na humo ndimo unabadilisha.

Printa nimenunua ya ofisi. Imekuja na anwani ya ajabu na kompyuta haiioni kabisa. Nifanyeje?

Hili ndilo linalowakwamisha wengi, kwa hiyo nalieleza kwa mfano mzima.

Dada mmoja mwenye steshenari Mwanga alipata printa ya leza iliyotumika, ikaja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Printa yenyewe nzuri, inachapa pande mbili za karatasi, na wakati wa mitihani ya shule anaihitaji. Ikawekwa chumba cha nyuma, kebo ikapitishwa juu ya dari mpaka kaunta. Taa zikawaka pande zote, lakini Windows haikuona printa. Ukurasa wa mipangilio ulipochapwa ulisomeka hivi:

```
IP Address:       10.14.6.40
Subnet Mask:      255.255.255.0
Default Gateway:  10.14.6.1
Config by:        Manual
```

Neno la kutazama ni `Manual`. Ofisi ya kwanza iliipa printa anwani ya kudumu, na printa imesafiri nayo. Haiulizi anwani wala haijipi ya 169.254, inakaa inangoja watu wa kundi la 10.14.6 ambao hawapo. Kompyuta iko kundi la 169.254. Kebo ni moja, lakini hawa wawili hawawezi kusikilizana.

Kosa ambalo mtu angefanya hapo ni kuendelea kuzima na kuwasha. Suluhisho ni kompyuta imfuate printa aliko. Tukaipa kompyuta anwani ya 10.14.6.41, mask ileile, gateway tupu. Brauza ikafunguliwa na kuandikwa:

```
http://10.14.6.40
```

Printa ikaihamishia brauza kwenye `https`, na brauza ikaonya kwamba muunganisho si wa faragha. Onyo hilo ni la kawaida, kwa sababu printa imejitengenezea cheti chake yenyewe. Kwa kuwa unaongea na kifaa kilicho mwisho wa kebo yako, bofya `Advanced` na uendelee.

Ndani ya ukurasa wa printa, sehemu ya netiweki, tukaandika 192.168.50.2, tukafuta gateway ya zamani, tukahifadhi. Ukurasa ukaganda, duara linazunguka tu. Usiogope hapo wala usirudie kubofya. Printa imeshahamia anwani mpya na brauza bado inaisubiri kwenye ile ya zamani. Rudi `ncpa.cpl`, ipe kompyuta 192.168.50.1, kisha fungua `http://192.168.50.2`. Ukurasa uleule ukifunguka, kazi ya anwani imekwisha.

Ukurasa wa printa unadai nywila ya ofisi ya zamani.

Una njia mbili. Moja ni kurejesha mipangilio ya netiweki ya kiwandani kwenye menyu ya printa, `Restore network settings` au jina linalofanana. Printa itaanza upya kuuliza anwani na pengine kujipa ya 169.254, nawe unaanzia hapo.

Ya pili ni kuiacha ilivyo. Kama nywila haipatikani na menyu imefungwa, iache printa na 10.14.6.40 yake na uipe kompyuta 10.14.6.41 moja kwa moja. Hakuna ubaya wowote. Namba hizo ni za matumizi ya ndani kama zilivyo za 192.168, na kebo yako haijui kwamba zilitoka ofisi ya mtu. Hakikisha tu waifai yako haiko kundi hilohilo.

Nitajuaje kwamba wanasikilizana kabla sijaanza kuhangaika na draiva?

Fungua Command Prompt uandike:

```
ping 192.168.50.2
```

Soma majibu kwa makini, kwa kuwa kuna moja linalodanganya. Jibu zuri linaanza na `Reply from 192.168.50.2` na lina muda kwa milisekunde. Ukiona `Reply from 192.168.50.1: Destination host unreachable`, tazama namba: hiyo ni ya kompyuta yako mwenyewe. Inakuambia imetafuta printa kwenye kebo na haikuikuta. Ubaya ni kwamba mwishoni Windows huhesabu majibu hayo kama yamepokelewa, inaandika `Lost = 0`, na mtu anaamini mambo ni mazuri.

Ukiona `Request timed out`, mara nyingi umekosea kundi na kompyuta imetuma swali kwa njia ya waifai, kwenye simu. Zima waifai kidogo ujaribu tena. Ujumbe ukibadilika, rudi ukahakiki namba ulizoandika.

Kama ping haipiti na namba zote ni sahihi, angalia printa haijalala wala kuzimwa. Printa ikizimwa, kebo nzima inaonekana kama imechomolewa. Hiyo haifuti anwani ya kompyuta. Itarudi printa ikiwashwa.

Ping inapita. Sasa naiongezaje printa kwenye Windows?

Nenda `Settings`, kisha `Printers & scanners`, anza kuongeza printa. Isubiri kidogo mpaka lije chaguo la kuongeza kwa mkono, lililoandikwa `The printer that I want isn't listed` au `Add manually`. Chagua `Add a printer using an IP address or hostname`, aina iwe `TCP/IP Device`, andika 192.168.50.2. Draiva iwe kwenye flashi au imeshapakuliwa, maana usitegemee bando lako wakati huo.

Windows inaweza kuiona printa yenyewe kabla hujafika huko, ikakuletea jina lake kwenye orodha. Inavutia kubofya, lakini mara nyingi njia hiyo hutengeneza mlango wa aina ya WSD, unaotegemea kuitafuta printa kila mara. Kwenye kebo ya watu wawili isiyo na ruta, ndiyo inayoleta ile hali ya leo inachapa, kesho inasema `Offline`. Ukitaka kujua uko upande gani, fungua `Printer properties`, nenda `Ports`, utazame iliyowekewa alama. Iwe `Standard TCP/IP Port` yenye anwani uliyoandika.

Mlango ni sahihi, ping inapita, bado inasema Offline.

Hapohapo kwenye `Ports`, bofya `Configure Port` na uondoe alama ya `SNMP Status Enabled`. Windows hutumia njia hiyo kuiuliza printa hali yake, na printa isipojibu swali hilo inahesabiwa haipo, ingawa ingechapa bila shida. Futa kazi zilizokwama kwenye foleni, kisha chapa ukurasa wa majaribio.

Imeandika Unidentified network na No internet. Nimeharibu?

Hapana. Kwenye kebo hiyo kweli hakuna intaneti, kuna printa tu. Windows inasema ukweli. Intaneti yako iko kwenye waifai, na ukiwa uliacha `Default gateway` tupu, vitu hivi viwili vinafanya kazi kwa pamoja: brauza inapita kwenye simu, kazi za kuchapa zinapita kwenye kebo.

Netiweki ya namna hiyo Windows huiweka kwenye kundi la `Public` na kuifungia milango ya kuingilia. Kuchapa hakuathiriki kwa sababu kompyuta ndiyo inayoanza mazungumzo. Kinachoweza kugoma ni kuskani kwa kubonyeza kitufe cha printa ili picha itumwe kwenye kompyuta. Anza kuskani kutoka kwenye programu ya kompyuta, au ruhusu programu ya skana kwenye Windows Firewall.

Laptopu yangu haina tundu la kebo.

Nunua adapta ya USB yenye tundu la netiweki. Kwenye `ncpa.cpl` itatokea kama `Ethernet 2` au jina la namna hiyo, na anwani unaiweka kwenye hiyo. Kuwa na desturi ya kuichomeka kwenye tundu lilelile la USB, kwa sababu baadhi ya adapta zikihamishwa tundu Windows huzihesabu kama kifaa kipya chenye mipangilio mitupu.

Je, simu nayo itaweza kuchapa?

Kwa kebo hii, hapana. Simu iko kwenye waifai yake na printa iko mwisho wa kebo. Kompyuta iliyo katikati haiwaunganishi. Kama printa ina waifai pia, jua kwamba aina nyingi huizima zenyewe kebo ikichomekwa. Faili la mteja lilete kwenye kompyuta kwanza, ulichape kutoka hapo.

Nikiongeza kompyuta ya pili baadaye, naanza upya?

Huanzi upya, wala hulazimiki kununua ruta. Nunua swichi ndogo ya matundu matano, chomeka printa na kompyuta zote mbili humo. Printa inabaki 192.168.50.2, kompyuta ya kwanza inabaki 192.168.50.1, mpya unaipa 192.168.50.3 na kuiongezea printa kwa hatua zilezile. Swichi ya kawaida haigawi anwani, kwa hiyo kila mpya utakayechomeka umpe namba yake kwa mkono. Bandika kwenye ubavu wa printa karatasi yenye anwani zote, maana fundi atakayekuja baada yangu hatakuwa na pa kuzisoma printa ikikataa kuwaka.